Stopu iliwekwa 1.0870, mbona nikafungiwa 1.0889?

"Habari yako. Nafanya foreksi kwa simu, niko Umoja, akaunti yangu ni ya dola 400. Ijumaa ile takwimu za ajira za Marekani zilipotoka nilikuwa nimeuza EUR/USD loti 0.20 kwa 1.0850, stopu nikaiweka 1.0870. Ajira zilikuwa nyingi kuliko zilivyotarajiwa, kwa hiyo nilijua dola itapanda. Badala yake yuro iliruka na nikafungiwa kwa 1.0889. Nimerudi kwenye chati: dakika ile bei haikupita 1.0881. Nilikuwa tayari kupoteza dola 40, nimepoteza 78. Broka ameniibia? Na je, kuna namna ya kuweka stopu isiyorukwa? Nataka kukopa kwa simu nirudishe akaunti kabla ya takwimu za mwezi ujao."

Kwa namba ulizonipa sioni wizi, ingawa hapa chini nitakuonyesha namna ya kuhakikisha mwenyewe badala ya kunichukulia neno. Ninachokiona ni kwamba hakuna aliyekwambia, siku unafungua akaunti, stopu ni kitu gani hasa, na chati inaonyesha nini.

Ulipoandika 1.0870 kwenye kisanduku cha S/L, hakuna mtu aliyekubali kukuuzia yuro kwa bei hiyo. Uliacha maagizo tu: bei ikifika hapa au ikipita, nifungie kwa bei yoyote itakayokuwapo. Siku za kawaida huoni tofauti, kwa sababu bei hupanda ngazi moja moja, 1.0868, 1.0869, 1.0870, na kila ngazi ina mtu amesimama na mali yake. Sekunde takwimu zinapotoka, ngazi nyingi huwa hazina mtu. Bei haipandi kupitia 1.0870. Inaondoka chini yake na kutokea juu yake.

Nenda Marikiti alfajiri uone jambo lenyewe. Malori ya nyanya kutoka Kirinyaga hayajaingia na hakuna anayejua ni mangapi yako njiani. Muulize muuzaji bei ya kreti saa hiyo. Ama atakwambia ngoja, ama atakutajia bei ya kukufukuza, kwa sababu akikuuzia kwa bei ya jana halafu yaje malori mawili tu, amejiumiza mwenyewe. Benki na kampuni zinazotoa bei za EUR/USD hufanya vivyo hivyo. Dakika moja au mbili kabla ya takwimu hupunguza kiasi ambacho ziko tayari kuuza au kununua, na hupanua pengo kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza, yaani spredi. Baadhi huondoa bei kabisa. Namba ikitoka, kompyuta zao huisoma kabla wewe hujamaliza kupepesa jicho, na bei mpya huwekwa palipostahili, si karibu na ile ya zamani.

Zamani nilikaa meza ya fedha za kigeni kwenye benki moja hapa mjini. Ijumaa ya kwanza ya mwezi, dakika mbili kabla ya takwimu, simu za wateja zililia na hakuna aliyezikimbilia. Aliyeshika simu alitoa bei pana makusudi, mteja agune na kusema basi nitapiga baadaye. Mara moja nikiwa mgeni nilimpa mteja bei ya kawaida sekunde chache kabla ya namba. Mkuu wangu hakunigombeza. Alinionyesha tu, kwenye karatasi, fedha ambazo benki ilikuwa imepoteza nilipokuwa bado nasema "asante sana".

Sasa turudi kwenye oda yako. Kwa kukisia kutokana na namba zako, ilikwenda hivi. Sekunde ya mwisho kabla ya takwimu, skrini yako ilikuwa na bei mbili: Bid, unayouzia, kama 1.0848, na Ask, unayonunulia, kama 1.0851. Bei iliyofuata ilikuwa Bid 1.0881 na Ask 1.0889. Kati ya hizo mbili hapakuwa na kitu. Wewe ulikuwa umeuza, na aliyeuza hufunga kwa kununua, na anayenunua hulipa Ask. Stopu yako iliamka kwa sababu Ask ilikuwa imepita 1.0870, ikatafuta mtu wa kuuza, na wa kwanza kupatikana alikuwa amesimama 1.0889.

Hapo pia ndipo penye jibu la chati. Kwenye MT4 na MT5, programu za kufanyia foreksi, chati huchorwa kwa Bid peke yake, usipobadilisha. Ile 1.0881 uliyoiona ni kilele cha Bid. Pipu moja ni 0.0001 ya bei, kwa hiyo ongeza spredi ya pipu 8 unapata 1.0889, bei uliyofungiwa. Kwa hiyo pipu 19 zilizozidi stopu yako zinagawanyika hivi: 11 ni mruko wa soko kutoka 1.0870 hadi 1.0881, na 8 ni spredi iliyopanuka. Kwa loti 0.20 kila pipu ni dola 2, ndiyo maana umeumia dola 38 zaidi ya ulivyopanga, na jumla ikawa 78. Kwa shilingi, ukihesabu dola kwa 129, ni kama elfu kumi kwa kufumba na kufumbua.

Nenda kwenye mipangilio ya chati uwashe mstari wa Ask. Aliyenunua hana shida hii, kwa kuwa yeye hufungiwa kwa Bid, mstari uleule anaouona. Aliyeuza anaweza kufungiwa na spredi peke yake, hata soko lisiposogea, na akabaki kuapa kwamba bei haikufika. Malalamiko ya namna hiyo nimeyasikia mara nyingi kuliko mengine yote, na karibu yote hutoka kwa watu waliouza.

Kuhusu ajira kuwa nyingi na dola kuanguka: soko haliangalii kama namba ni kubwa au ndogo, linaangalia imetofautianaje na kile kilichokwisha kuwekwa kwenye bei. Tarehe 10 Novemba 2022 Marekani ilitangaza kwamba mfumuko wa bei wa Oktoba ulikuwa asilimia 7.7. Kwa nchi ile hiyo ni namba ya kutisha, na benki kuu yao ilikuwa imepandisha riba kwa asilimia 0.75 mara nne mfululizo kupambana nayo. Mtu angedhani dola itapaa. Lakini wachumi walikuwa wametarajia kama 7.9, na mwezi uliotangulia ilikuwa 8.2. Ile tofauti ndogo iliwaambia watu kwamba riba huenda haitapanda kwa kasi ileile tena. Dola ikaanguka siku hiyohiyo kutoka karibu yeni 146 hadi karibu 141.

Takwimu za ajira zina mtego mwingine, na nadhani ndio uliokunasa. Ile namba moja inayowekwa kwa herufi kubwa kwenye kalenda za foreksi, NFP, yaani ajira zilizoongezeka nje ya kilimo, haiji peke yake. Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani hutoa pamoja nayo kiwango cha watu wasio na kazi, mishahara ya wastani kwa saa, na masahihisho ya miezi miwili iliyopita. Masahihisho hayo huwa hayatazamwi na wanaofanyia biashara kwenye simu, kwa sababu kalenda nyingi hazina safu yake. Tarehe 1 Agosti 2025 ripoti ilisema ajira za Julai ziliongezeka kwa 73,000, chini ya matarajio, lakini kilichovunja mgongo wa dola kilikuwa mistari ya chini: Mei ilishushwa kutoka 144,000 hadi 19,000, na Juni kutoka 147,000 hadi 14,000. Ajira 258,000 ambazo soko lilikuwa limezihesabu kwa miezi miwili hazikuwapo. Yuro ilipanda zaidi ya senti moja ya dola siku ile.

Si kwamba mtu alidanganya. Namba hizi hutokana na kuuliza sehemu ya waajiri, na majibu mengine huchelewa na kuja kujazwa baadaye. Hata ofisi yenyewe husema badiliko la mwezi mmoja linaweza kuwa limekosea kwa zaidi ya 100,000 juu au chini. Kwa hiyo unaweza kukisia namba kubwa sawasawa, kama ulivyofanya wewe, na masahihisho au kiwango cha wasio na kazi kikakugeuzia meza. Fungua ripoti ya Ijumaa ile usome aya ya masahihisho. Sitashangaa ukiikuta sababu humo.

Sasa namna ya kumkagua broka. Usianze na hasira, anza na rekodi. Kwenye MT5 ya kompyuta bonyeza Ctrl+U, chagua EURUSD, nenda kwenye kichupo cha Ticks na uombe dakika ile. Utapata orodha ya kila bei, Bid na Ask, hadi sehemu ya elfu ya sekunde. Angalia saa kwa makini: seva za mabroka wengi hulingana na saa ya Nairobi wakati wa kiangazi cha Ulaya, na hurudi nyuma saa moja miezi ya baridi. Tafuta ile Ask ya 1.0889. Ikiwa imo kwenye orodha, katika sekunde uliyofungiwa, oda yako ilitekelezwa kwa bei iliyokuwapo. Ikiwa haimo, una swali la haki la kumuuliza, na ambatisha orodha hiyo.

Kisha fungua demo, yaani akaunti ya majaribio, kwa mabroka wengine wawili na uombe dakika hiyohiyo. Usitegemee namba kufanana. Foreksi haina soko moja kuu, na katika sekunde za kwanza tofauti ya pipu kadhaa kati ya broka na broka ni ya kawaida. Kinachotia shaka ni broka wako kufika 1.0889 wakati wengine wote wameishia 1.0865. Kinachotia shaka zaidi huonekana polepole, kwenye historia ya miezi. Kuteleza kwa bei kunatakiwa kwenda pande zote mbili: kama stopu zako huruka dhidi yako, basi bei ikiruka kuelekea faida yako, oda yako ya kuchukua faida nayo ipate pipu za ziada mara nyingine. Ukikuta stopu zote zimeteleza na faida zote zimefungwa kwenye pipu ileile uliyoandika, bila hata moja kuzidi, huyo hakupi bei ya soko. Anakupa bei inayomfaa yeye.

Angalia pia ni nani hasa mwenye akaunti yako. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji imekuwa ikitoa leseni kwa mabroka wa foreksi ya mtandaoni tangu kanuni za 2017, na orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti yake. Lakini jina la biashara moja linaweza kuwa na kampuni kadhaa, moja ina leseni hapa Kenya na nyingine imeandikishwa visiwani huko. Soma mkataba ulioukubali kwa kubonyeza tu. Ikiwa ulipewa levereji ya 1:1000, yaani ruhusa ya kushika mali mara elfu ya fedha yako, tayari una dalili, kwa kuwa kanuni za Kenya zinaishia 1:400. Mteja wa kampuni ya visiwani hana pa kupeleka malalamiko hapa nyumbani.

Umeuliza kama kuna stopu isiyorukwa. Ipo, baadhi ya mabroka huiuza kwa ada, na broka ndiye hubeba hasara ya mruko. Wengi hawairuhusu kuwekwa au kusogezwa karibu na takwimu, na kwenye MT4 au MT5 huwa haipatikani. Kama broka wako anayo, soma masharti ya saa kabla ya ada.

Kuna ujanja ambao utauona ukisifiwa sana kwenye magrupu ya Telegram: kuweka oda ya kununua juu ya bei na ya kuuza chini yake, dakika moja kabla, popote bei itakaporukia unapanda nayo. Sikushauri. Oda hizo ni za aina ileile ya stopu yako, nazo zitarukwa vilevile. Utaingia baada ya mruko kwisha, kwa spredi pana, na mara nyingi bei ikirudi nyuma inagonga oda ya pili. Unapoteza pande mbili kwa namba moja.

Kilichobaki ni njia mbili ambazo nazikubali. Ya kwanza ni kutokuwamo. Funga oda dakika kumi kabla, rudi robo saa baada, spredi ikiwa imerudi kwenye pipu moja au mbili. Utakosa mruko, lakini mruko haukuwa wako hata kidogo, ulikuwa wa wenye mashine. Mwelekeo ukiwa wa kweli, bado utakuta kipande chake kimebaki. Ndiyo njia ninayoitumia mimi.

Ya pili, kwa mwenye sababu ya kubaki ndani, ni kupima oda kwa bei ya kuruka badala ya bei ya stopu. Loti 0.20 ni yuro 20,000. Kwa 1.0850 hiyo ni kama dola 21,700, juu ya akaunti ya 400: unashika mali mara 54 ya fedha yako. Ukajihesabia hasara ya dola 40, ambayo ni asilimia 10, ikaja karibu 20. Jaribu kuhesabu upya. Stopu ya pipu 20, ongeza pipu 40 za kuruka na spredi, jumla 60. Ukitaka usipoteze zaidi ya dola 8, loti inayokutosha ni 0.01, kwa kuwa pipu moja hapo ni senti 10 na pipu 60 ni dola 6. Ndiyo, ni kidogo kiasi cha kuchekesha. Hicho ndicho kipimo ambacho akaunti ya dola 400 inaweza kubeba siku ya NFP, na hata hizo pipu 40 ni makadirio yangu ya kawaida. Siku kama ile ya Novemba 2022 zingezidi.

Na ujue saa zenyewe, maana wengi hunaswa hapa bila hata kukusudia. Ajira na mfumuko wa bei wa Marekani hutoka saa mbili na nusu asubuhi ya Washington. Kwetu ni saa tisa na nusu alasiri, lakini kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi wao hurudisha saa nyuma, na kwetu inakuwa saa kumi na nusu. Kila Novemba nasikia mtu aliyefungua oda saa kumi akidhani hatari imepita. Ajira kwa kawaida ni Ijumaa ya kwanza ya mwezi, mfumuko wa bei katikati ya mwezi, ila thibitisha tarehe kila mara: serikali ya Marekani ilipofungwa Oktoba 2025, ripoti ziliahirishwa na kalenda za simu za watu wengi zikaendelea kuonyesha tarehe za zamani. Takwimu zetu za mfumuko wa bei, zinazotolewa na Shirika la Kitaifa la Takwimu mwishoni mwa mwezi, hazitakurushia oda hivyo. Shilingi dhidi ya dola husogea kwa siku na wiki, si kwa sekunde.

Kuhusu mkopo wa simu, hapana. Si kwa sababu huwezi kushinda mwezi ujao. Ni kwa sababu mkopo wa siku 30 unakulazimisha uwe ndani siku ya takwimu, kwa loti kubwa, ili upate cha kurudisha kwa wakati, na hiyo ndiyo hali uliyoumia nayo. Kama tayari umekopa kwa ajili ya akaunti hii, au umechota akiba ya SACCO, usilimalize jambo hili kwenye simu. Nenda ukae na afisa wa mikopo mpange marejesho upya kabla hujachelewa kulipa. Na kama ile Ask ya 1.0889 haimo kwenye orodha ya Ticks, andikia broka kwanza, mpe muda wa kujibu kwa maandishi, kisha peleka barua, majibu yake na orodha yenyewe kwenye ofisi za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Nenda nazo zimechapishwa. Picha ya chati peke yake haitakusaidia, na sasa unajua ni kwa nini.

Takwimu zijazo, kaa bila oda. Washa mstari wa Ask, weka chati ya dakika moja, na uangalie tu ile mistari miwili kuanzia dakika tano kabla. Andika spredi kwenye karatasi kila dakika. Halafu niandikie uliona nini ilipofika saa tisa na nusu.